Utaratibu wa Kurudisha Bidhaa, Kubadilisha na Kurudishiwa Pesa

Duka la nguo, viatu na mabegi, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Unatumika tangu 1 Julai 2025, kwa manunuzi ya dukani na ya mtandaoni.

KWA UFUPI (tangazo la kaunta)

Bidhaa ina kasoro, au tumekosea sisi: ndani ya siku 14. Unachagua wewe: tukubadilishie au tukurudishie pesa yako yote, pamoja na nauli ya mzigo.

Haikukutosha, au umeghairi tu: ndani ya siku 7, ikiwa haijavaliwa na lebo ipo. Tunabadilisha, au tunakuwekea salio la duka. Pesa hairudishwi.

Njoo na risiti au ujumbe wa muamala.

Jaribu kabla ya kulipa. Vyumba viwili vya kujaribia viko nyuma ya kioo, na hakuna anayekuharakisha.

Yaliyobaki ni maelezo kamili. Yamebandikwa kwenye kurasa zetu za Instagram na Facebook, na nakala iko kaunta. Ukitaka kuisoma, omba.

Kwanza, tatizo ni la nani?

Kila anayerudisha kitu tunamuuliza swali hilo moja, maana jibu lake ndilo linaloamua kama pesa inarudi au hairudi.

Tatizo ni letu kama zipu imekatika ulipoivuta mara ya kwanza, mshono umeachia, soli imebanduka, nguo ina tundu au doa lililokuwepo toka kiwandani, rangi imechuja ulipoifua kama lebo inavyoelekeza, au mkono wa begi umeng'oka. Ni letu pia kama uliagiza 38 tukakutumia 40, uliagiza nyeusi ikafika bluu, au tuliandika "ngozi" kwenye posti na kiatu si cha ngozi. Hapo hatubishani. Hatutakulazimisha uchukue kitu kingine chenye bei ileile wakati umekuja kufuata pesa yako.

Kuna maduka bado yanabandika "mali ikishauzwa hairudishwi". Sisi tumeliondoa bango hilo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji auze kitu kinachofaa kwa kazi yake na kinachofanana na maelezo aliyoyatoa, na karatasi ya ukutani haiwezi kuiondoa haki hiyo.

Tatizo si letu kama gauni ni zuri na zima ila limekubana, kama mama mkwe hakuipenda rangi, au kama umeona jingine zuri zaidi mtaa wa pili. Haya ni mambo ya kawaida na tunakubadilishia kwa moyo mmoja. Ila bidhaa haina kosa, kwa hiyo pesa hatutoi. Tunakuwekea salio lenye jina lako na namba yako ya simu, na unalitumia kwa chochote dukani ndani ya miezi 6. Ukichagua cha bei ya juu unaongeza tofauti. Ukichagua cha bei ya chini, kinachobaki kinakaa kwenye salio.

Siku zinahesabiwaje?

Ukinunua dukani, kesho yake ndiyo siku ya kwanza. Ukitumiwa kwa bodaboda, tunahesabu toka siku uliyopokea. Wa mikoani tunawahesabia toka siku mzigo ulipochukuliwa stendi ya huko uliko. Siku mzigo ulipopakiwa kwenye basi Stendi ya Magufuli haihesabiwi, kwa sababu tunajua mzigo unaweza kulala ofisi ya basi siku mbili kabla hujapigiwa simu. Ila ukipigiwa simu ukauacha hapo wiki nzima, siku hizo zinahesabiwa kwako.

Kasoro ikijitokeza baada ya siku 14, usikitupe. Kilete tukiangalie. Kiatu kilichobanduka soli mwezi wa kwanza tutakipeleka kwa fundi wetu kwa gharama yetu, na kikishindikana tutazungumza. Kiatu kilichovaliwa mwaka mzima ni habari nyingine.

Hali ya bidhaa unayoirudisha

Kwa kasoro, hatujali kama umeivaa, kwa sababu kasoro nyingi huonekana kitu kikivaliwa. Kwa kubadilisha saizi au kughairi, tunaangalia kwa makini, tena mbele yako.

Kiatu tunakigeuza. Kama umejaribu ndani kwenye zulia, soli inabaki safi. Kama kimeshatembea kwenye lami na vumbi la Kariakoo, soli inasema yenyewe. Gauni tunaangalia shingoni na kwapani: alama ya poda, harufu ya manukato au jasho, lebo iliyokatwa ikarudishwa kwa pini. Tunalisema hili wazi kwa sababu ya magauni ya sendofu na kitchen pati yanayonunuliwa Ijumaa na kurudi Jumatatu "halikunitosha", wakati picha za ukumbini tumeshaziona. Gauni la namna hiyo halibadilishwi. Mteja atakayekuja baada yako anastahili gauni jipya, kama wewe ulivyostahili.

Boksi la kiatu lirudi na kiatu. Likiwa limechanika kidogo si kitu.

Visivyobadilishwa kwa kughairi

Chupi, sidiria, soksi, nguo za kuogelea na hereni, kwa sababu za usafi. Kitenge na vitambaa tulivyokata kwa kipimo chako. Nguo iliyokwisha kupelekwa kwa fundi kupunguzwa au kukatwa pindo. Na bidhaa za ofa zenye kibandiko chekundu.

Kibandiko chekundu kina maana yake: bidhaa imeshushwa bei kwa sababu tunayoijua, na sababu hiyo tumeiandika nyuma ya kibandiko na kwenye risiti, kwa mfano "kifungo kimoja hakipo". Hiyo uliyoandikiwa huwezi kuirudishia. Lakini ukikuta kasoro nyingine ambayo hatukukuambia, ni kosa letu kama lilivyo kwa bidhaa ya bei kamili. Vivyo hivyo kwa chupi na vitambaa: kasoro ni kasoro.

Risiti

Kila ukinunua unapewa risiti ya EFD. Idai hata kama foleni ni ndefu, ni haki yako na ni wajibu wetu. Ila karatasi ya mashine hiyo hufifia, hasa ikikaa kwenye pochi au juani, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo. Picha tunaipokea. Ikipotea kabisa, ujumbe wa muamala wa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa au benki unatosha, mradi uonyeshe lipa namba yetu, kiasi na tarehe. Ulilipa taslimu na risiti huna? Tutatafuta kwenye mashine kwa tarehe na bei. Tukiipata, utahudumiwa.

Aliyepewa zawadi anaweza kubadilisha bila risiti ikiwa lebo yetu ipo. Pesa, ikiwa kuna ya kurudi, inarudi kwa aliyelipa.

Mlionunua kwetu mtandaoni

Mpigapicha wetu anajitahidi, lakini rangi kwenye kioo cha simu hutofautiana kidogo na ya mkononi. Tofauti ndogo ya mng'ao hatuiiti kasoro. Maruni kufika nyekundu, hiyo ni kasoro.

Saizi ndiyo inayotuletea marejesho mengi kuliko kitu kingine chochote. "L" ya kiwanda kimoja ni "M" ya kingine. Ndiyo maana chini ya kila picha tunaandika vipimo kwa inchi: kifua, kiuno, nyonga na urefu. Chukua futi ya cherehani, jipime, kisha ulinganishe. Ukishindwa, tutumie vipimo vyako WhatsApp na tutakuambia ukweli hata kama ukweli huo ni "hili halitakutosha".

Mzigo ukifika, ufungue ukiwa unarekodi video fupi. Si lazima, na asiyerekodi hatumnyimi haki yake, lakini video inamaliza maneno haraka. Kama kuna tatizo, tuma picha kwenye namba ya WhatsApp iliyo kwenye risiti, ukiandika jina na tarehe ya kununua. Tunajibu siku hiyohiyo hadi saa 12 jioni. Malalamiko ya kwenye komenti tunayaona pia, ila hayana risiti wala namba, na kuyafuatilia ni kazi.

Nauli ya mzigo

Kosa letu: nauli ya kuja na kurudi ni yetu. Kughairi au saizi: nauli zote mbili ni zako.

Tuseme umenunua gauni la shilingi 65,000 na bodaboda wa 5,000 kuja Mbagala. Gauni likifika limeachia mshono, tunakurudishia 70,000 na tunamtuma bodaboda kulichukua. Likifika zima ila limekubana, unalituma kwa nauli yako, tunakupa la saizi yako, na nauli ya kulileta ni yako pia. Ukiona nauli ni kubwa, njoo nalo siku ukipita mjini, mradi siku 7 hazijaisha.

Pesa inarudije?

Inarudi kwa njia ileile iliyokuja. Uliyelipa taslimu unapewa taslimu pale kaunta. Uliyelipa kwa simu unarudishiwa kwenye namba ileile ndani ya saa 24 baada ya sisi kuipokea bidhaa, na makato ya kutuma ni juu yetu. Benki ni siku 3 za kazi. Hatutumi kwenye namba ya mtu mwingine, hata kama ni mumeo au dada yako, mpaka mwenye kulipa mwenyewe athibitishe.

Tafadhali sana: ili kukurudishia pesa hatuhitaji PIN yako, wala hatukuombi utume kiasi chochote "kufungua" muamala. Akikupigia mtu akajiita wa dukani kwetu na kukuomba hivyo, au ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kata simu, tupigie sisi.

Oda na kudunduliza

Anayelipia kidogo kidogo akighairi kabla hajamaliza, anarudishiwa alichotoa chote. Oda maalumu tuliyokwisha kumuagizia mteja, tunabakiza asilimia 20 ya bei. Hilo tunaliandika kwenye karatasi ya oda na unasaini. Tukichelewa kuleta kwa zaidi ya siku 10 baada ya tarehe tuliyoahidi, unachukua pesa yako yote.

Wa jumla

Hesabu dazani zako dukani, mbele ya kijana anayekufungia. Mzigo ukishapanda kwenye guta, upungufu wa idadi hatuupokei. Kasoro za ndani ya robota lililofungwa kiwandani tunazipokea kwa siku 14 toka lifike kwako, uwe Mbeya, Lusaka au Lubumbashi, ukituma picha za bidhaa pamoja na lebo ya robota. Tunafidia vipande vyenye kasoro tu, si robota zima.

Tusipoelewana

Mwambie msimamizi wa zamu. Usiporidhika, mwenye duka yupo Jumatatu hadi Jumamosi, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na marejesho yanayozidi shilingi 200,000 huidhinishwa naye. Tukishindwana kabisa, una haki ya kupeleka malalamiko yako Tume ya Ushindani (FCC), na sisi tutakupa nakala ya risiti na maandishi ya mazungumzo yetu uende nayo.

Marejesho yanapokelewa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, kaunta ya kushoto ukiingia. Jumapili tumefunga, na siku yako ya mwisho ikiangukia Jumapili, njoo Jumatatu. Uliyenunua kabla ya 1 Julai 2025, utahudumiwa kwa masharti yaliyoandikwa kwenye risiti yako.