Siku ya Mama: maua kwetu, zawadi mlango wa pili, bei moja

Wana Chuga mpoo! Jumapili ya tarehe 10 Mei 2026 ni Siku ya Mama na safari hii sisi wa maua tumekaa chini na dada jirani yetu wa duka la zawadi hapa karibu na Soko Kuu, maana kila mwaka mteja anachukua maua kwetu halafu anauliza boksi zuri napata wapi, na yeye wake wanamuuliza maua yako wapi. Tunatenganishwa na ukuta tu jamani, tumeona tufanye kitu kimoja.

Pakiji ya Mama sh 34,000: waridi 12 zilizofungwa, doti moja ya khanga, boksi lenye utepe na kadi tunayokuandikia kwa mkono. Ukinunua kimoja kimoja inafika 41,000. Waridi zinatoka Usa River, tunazichukua Jumamosi asubuhi, hazijalala kwenye ndoo siku tatu.

Khanga unachagua mwenyewe ila tafadhali SOMA JINA kwanza 😂 kuna majina ya kumrushia jirani maneno, usije ukampelekea mama yako, au mbaya zaidi mama mkwe. Ukikwama mwambie dada anamchagulia nani, atakutolea za dua na shukrani.

Hutaki pakiji? Poa, tunza risiti. Ukinunua maua ya kuanzia 20,000 risiti yetu inakupa punguzo la asilimia 10 kwa jirani, na ukianzia kwake kwa kiasi hichohicho njoo nayo kwetu uchukue waridi 3 bure. Risiti moja mara moja, mpaka 31 Mei. Na msituletee ya mwaka jana, tarehe tunaziona.

Oda za pakiji mwisho Ijumaa 8 Mei saa 12 jioni, unatanguliza nusu kwa simu, iliyobaki mzigo ukifika. Hapo hatutanii kwa sababu maua ukiyaagiza yakakosa mwenyewe yanakufa mkononi. Bodaboda Kaloleni, Levolosi na Sanawari bure, Njiro na Sakina 3,000, Tengeru na Ngaramtoni 6,000. Kama mama yuko Moshi tunakufungia vizuri utume na basi, shina tunazifunga na pamba yenye maji, ila mpigie mtu akapokee stendi mapema, zisikae juani.

Zikifika mwambie akate ncha za shina kwa mshazari, atoe majani yanayozama kwenye maji na abadilishe maji kila siku mbili, asiziweke karibu na ndizi mbivu maana zinanyauka haraka.

Jumapili tunafungua saa 1 asubuhi ili wa misa ya kwanza mpitie mkitoka. Oda inboksi, taja rangi ya maua, jina la khanga na maneno ya kadi. Maneno yawe mafupi basi, mwandiko ni wa dada na kadi ni ndogo 🙏🏾🌹