Kianzio cha meza na viti sita

Mama, habari za leo? Nimeshamaliza mchoro wa meza yako ya chakula kwa vipimo tulivyochukua pamoja: urefu sentimita 210, upana 95, na miguu imeingizwa ndani kidogo ili wanaokaa pembeni wasigonge magoti. Kabla sijagusa msumeno, naomba kianzio cha asilimia 60 ya bei tuliyokubaliana.

Sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda kwenye mbao. Uso wa meza utaunganishwa kwa mbao tano za mninga, nami nataka zote zitoke kwenye gogo moja, maana mninga hutofautiana sana rangi. Ukichanganya, meza huwa na mabaka hata upake vanishi gani. Pia lazima ziwe zimekauka sawasawa. Mbao mbichi ni za bei nafuu zaidi, lakini husinyaa upande wa upana, na baada ya miezi michache maungio yanaachana na uso unapinda. Muuza mbao ameniwekea zilizokauka, ila hatazishikilia bila kulipwa. Nanunua zaidi kidogo ya zinazoonekana kwenye mchoro, kwa sababu vifundo na ncha zilizopasuka hukatwa, na randa nayo inakula unene.

Kinachobaki kinanunua sponji ya viti na kile kitambaa cha kijani ulichochagua, ambacho duka linaagiza kwa oda tu na halirudishi fedha, pamoja na gundi, msasa na vanishi.

Ujira wangu haumo kwenye kianzio hiki. Umo kwenye asilimia 40 utakayolipa meza ikishakamilika, baada ya kuja karakanani, kuikagua na kukalia kila kiti. Kiti kikiyumba, nakirekebisha kwanza ndipo unilipe. Risiti za mbao na kitambaa nitakutumia picha siku hiyohiyo ya manunuzi.

Ukibadili mawazo kabla sijanunua chochote, nakurudishia kianzio chote. Nikishanunua lakini sijakata, nitajitahidi kuzirudisha mbao kwa muuzaji, na atakachonipa ni chako. Kitambaa ndicho hakitarudi. Mbao zikishakatwa, siwezi tena kurudisha kianzio. Vipimo hivyo ni vya chumba chako, na meza ya urefu huo sina wa kumuuzia.

Nitaanza kazi siku ya pili baada ya kupokea fedha, na itachukua wiki nne. Wiki nzima ya mwisho ni ya vanishi, tabaka kwa tabaka, na hapo siharakishi, kwani tabaka likipakwa juu ya jingine ambalo halijakauka hunata na kushika vumbi.

Tafadhali angalia tena mchoro niliokutumia, hasa kimo cha viti. Kama uko sawa, nijibu kwamba umeukubali, kisha utume kianzio kwa namba hii ninayokuandikia.

Wako,
Fundi seremala