Kabla hujabonyeza "Nakubali": unachokubali kwenye huduma yetu ya samaki

Masharti yetu kamili yana kurasa 34 na vifungu 61. Tunajua huyasomi, na wengi wetu humu ofisini tuliyasoma mara moja tu, siku ya kuyapitisha. Hapa tumetoa yale yanayogusa mfuko wako, mlango wako na simu yako. Tumeanza na yasiyopendeza, kwa sababu hayo ndiyo yanayomkera mteja akiyagundua baadaye. Karatasi ndefu ipo kwenye "Akaunti", kisha "Masharti yote". Maelezo haya mafupi yakigongana na yale marefu, tutafuata yaliyo na nafuu kwako. Jambo hilo tumelitia hata kwenye kifungu cha 2 cha masharti marefu, lisiwe maneno ya mdomoni.

Bei unayoiona usiku si lazima iwe ya asubuhi

Unaagiza usiku, sisi tunanunua alfajiri kwenye mnada wa samaki wa Deep Sea, hapa Tanga. Bei ya changu au nguru inajulikana pale samaki anapotua, haijulikani kabla. Kwa hiyo bei ya kwenye simu ni makadirio, na ukibonyeza "Nakubali" unaturuhusu kuipandisha hadi asilimia 15 bila kukuuliza. Ukiagiza samaki wa shilingi 20,000, unaweza kudaiwa hadi 23,000, nauli ya bodaboda mbali. Ikizidi hapo tunakupigia. Usipopokea simu mara mbili, oda inafutwa na hela yako inarudi yote. Bei ikishuka unalipa ile ya chini, tofauti yake hatubaki nayo.

Masharti marefu yanasema haya kwa sentensi moja ya mistari tisa inayoanza na "Mtumiaji anakiri na kuridhia kwamba". Maana yake ndiyo hiyo uliyoisoma hapa.

Kilo ni ya samaki mzima

Hapa ndipo penye malalamiko mengi kuliko pengine pote, basi tupaeleze vizuri. Samaki anapimwa akiwa mzima kama alivyotoka kwenye ngalawa au mashua. Ukituagiza tumpae magamba na kumtoa matumbo, utakachopokea kitakuwa na uzito pungufu kuliko ulioulipia, na hilo siyo wizi wa mizani. Kichwa unaletewa, isipokuwa ukiandika hukitaki. Picha ya samaki wako akiwa kwenye mizani, kabla ya kisu kumgusa, inatumwa kwenye oda yako. Oda isiyo na picha hiyo, ukisema uzito haukutimia tunachukua neno lako. Pweza na ngisi ni hivyo hivyo: wanapimwa wabichi, na pweza anavyosinyaa akiingia sufuriani kila mtu anajua.

Ukiagiza aina fulani na ikakosekana, tunaruhusiwa kukuletea inayokaribiana nayo kama uliweka alama kwenye "Badilisha ikikosekana". Alama hiyo haipo mpaka uiweke mwenyewe. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, kuna siku hatupati kabisa. Siku hizo hatukudai kitu, lakini pia hatukulipi fidia ya shughuli yako iliyokosa kitoweo. Mwenye harusi au hitima asitutegemee sisi peke yetu.

Kapu la Wiki linaendelea mpaka ulisimamishe

Ukijiunga na Kapu la Wiki unaweka amana ya shilingi 5,000. Kila Alhamisi jioni ombi la malipo la shilingi 25,000 linakuja kwenye simu yako, unaweka namba ya siri, Ijumaa asubuhi kapu linafika. Hatuwezi kukukata hela bila namba yako ya siri. Lakini ukiacha ombi wiki mbili mfululizo bila kusema neno, amana inakuwa yetu, kwa kuwa barafu na nafasi ya kwenye boksi tulishakuwekea. Ukitaka kupumzika, bonyeza "Sitisha" kabla ya saa 6 mchana siku ya Alhamisi. Ukitaka kuacha moja kwa moja, amana inarudi ndani ya siku 7. Hakuna wa kukuhoji kwa nini umeacha.

Samaki akifika ameharibika

Una saa 2 tangu kumpokea. Piga picha, itume kwenye oda, chagua kurudishiwa hela au kuletewa mwingine. Baada ya saa 2 tunaweza kukataa, na mara nyingi tutakataa, maana hatujui alikaa wapi. Ramadhani ni tofauti: anayepokea saa 5 asubuhi huenda asifungue mfuko mpaka alasiri anapoanza kupika futari, basi mwezi huo muda unakwenda mpaka saa 1 jioni ya siku ile ile.

Kwa hasara yoyote inayotokana na oda, tunawajibika kwa kiasi ulicholipia oda hiyo na nauli yake, si zaidi. Hii ndiyo sentensi ambayo mwanasheria wetu aliipenda kuliko zote. Hata hivyo haiondoi haki uliyopewa na sheria: ukiugua kwa uzembe wetu, huwezi kuwa umezisalimisha haki zako kwa kubonyeza kitufe.

Tunachojua kukuhusu

Jina, namba ya simu, mahali unapoletewa mzigo, ulichonunua na lini. Programu inasoma mahali ulipo ikiwa wazi tu, au mzigo ukiwa njiani. Haisomi majina ya kwenye simu yako, haisomi meseji, haisikilizi. Ukiizuia kusoma mahali ulipo, huduma bado inafanya kazi: andika mtaa na namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao cha anwani za makazi, au tuelekeze kwa maneno. Mtu wa Ngamiani akituambia barabara ya ngapi na jirani na msikiti gani, tunafika.

Dereva wa bodaboda anaona jina lako la kwanza, namba yako na nyumba. Kwenye mfumo wetu vinamfutikia mzigo ukishapokelewa. Ila amekupigia, na namba imebaki kwenye simu yake, na hapo hatuna mkono wa kuifuta. Tumemsainisha asiitumie kwa jambo jingine. Akikutafuta kwa lolote lisilo samaki, tuambie siku hiyo hiyo.

Taarifa zako zinahifadhiwa kwenye seva zilizo nje ya Tanzania. Hatuziuzi. Kumbukumbu za mauzo tunazitunza miaka 5 kwa ajili ya kodi, hata ukifunga akaunti. Mengine yote, pamoja na ramani ya nyumba yako, yanafutwa ndani ya siku 30 tangu uifunge. Meseji za matangazo zina kisanduku chake peke yake, na kisanduku hicho hakina alama mpaka uiweke mwenyewe. Kukiacha hivyo hakukunyimi chochote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuona tulichonacho kukuhusu, kukisahihisha kikiwa na makosa na kukataa kisitumike kukutangazia biashara. Omba kupitia "Akaunti", kisha "Taarifa zangu". Tunajibu ndani ya siku 14. Tusipokuridhisha, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Huhitaji ruhusa yetu.

Unapomwagizia mtu mwingine, tuseme mama yuko Pongwe nawe uko Dar es Salaam, unatupa namba yake. Mwambie kwanza. Si vizuri bibi wa watu apigiwe simu na kijana asiyemjua anayemwambia yuko nje na samaki.

Mambo ambayo tukiyakuta tunafunga akaunti

Oda za uongo. Kukataa mzigo mlangoni mara tatu bila sababu. Kumtukana dereva. Kwa haya tunakuonya mara moja kwa meseji kabla ya kufunga, na hela yako iliyobaki kwetu inarudi.

Lipo moja lisilo na onyo: kutuagiza kasa, mayai yake au silikanti, yule samaki adimu wa kale. Kasa analindwa na sheria, na kwa ajili ya silikanti hapa kwetu Tanga kumetengwa hifadhi ya bahari tangu 2009. Tukiombwa, tunafunga na kutoa taarifa. Samaki wa baruti nao hatununui, hata mnada ukiwa mkavu, na ukimshuku samaki tuliyekuletea una haki ya kumrudisha bila kubishana.

Picha zako

Ukiweka picha ya chungu chako kwenye maoni, tunaweza kuitumia kwenye matangazo yetu bila kukulipa. Yenye sura ya mtu hatuitumii bila kumuuliza mwenyewe. Ukiifuta picha, tunaacha kuitumia kwenye matangazo mapya. Vipeperushi vilivyokwisha kuchapwa vitaendelea kuwepo mpaka viishe. Maoni mabaya hatuyafuti, ila yenye matusi au namba ya simu ya mtu.

Tukibadilisha masharti

Tunakutumia meseji siku 14 kabla, ikisema kilichobadilika kwa maneno machache. Ukiendelea kuagiza baada ya hapo, tunahesabu umekubali. Oda uliyokwisha kulipia inabaki kwenye masharti ya siku uliyoilipia. Mabadiliko yanayohusu bei, amana au taarifa zako hayahesabiwi kwa ukimya: tutakuletea tena kitufe, na usipokibonyeza huagizi, lakini pia hupotezi amana.

Tukigombana

Anza na namba iliyo chini ya risiti yako, mtu anapokea kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Tusipoelewana ndani ya siku 30, shauri linakwenda kwenye mahakama zilizoko Tanga, chini ya sheria za Tanzania. Kwa aliye Bagamoyo au Dar es Salaam anayewaagizia wazazi huku, hilo lina maana ya kusafiri, na ni vyema alijue leo. Awe na umri wa miaka 18 au zaidi anayefungua akaunti. Mtoto akitumwa kupokea mzigo ni sawa, kulipa na kukubali masharti ni kazi ya mkubwa.

Chini kuna vitufe viwili. "Nakubali" inafungua akaunti kwa masharti haya, na nakala yake inakuja kwenye meseji pamoja na tarehe na saa uliyobonyeza. "Bado" inakuruhusu kuangalia bei za leo bila kutupa jina wala namba.