Barua ya Kuomba Kupangiwa Upya Marejesho ya Mkopo wa Kilimo

Yohana Amosi Chidumizi
Kijiji cha Pandambili
K.k. Ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kijiji
Wilaya ya Kongwa
DODOMA

23 Juni 2025

Meneja wa Tawi
(Kwa: Afisa Mikopo ya Kilimo)
DODOMA

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO NA. KL/0417/2024 WA SH. 6,000,000

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa tawi lako. Tarehe 18 Novemba 2024 nilipokea mkopo wa msimu wa Sh. 6,000,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Mkataba unanitaka nilipe Sh. 3,000,000 na riba yote iliyofikiwa ifikapo tarehe 31 Julai 2025, kisha Sh. 3,000,000 nyingine na riba yake tarehe 30 Septemba 2025. Hadi leo sijachelewesha malipo yoyote, kwa kuwa la kwanza halijafika. Ninaandika sasa kwa sababu mazao yote yako ndani na yamepimwa, na hesabu inaonyesha kwamba rejesho la Julai sitaweza kulilipa lote, na la Septemba sitaliweza kabisa.

Ninaomba salio lipangwe upya hadi tarehe 31 Julai 2027. Siombi nyongeza ya fedha wala kusamehewa riba.

MATUMIZI YA MKOPO

Fedha zilitumika kama zilivyoombwa, kwa ekari 20 za alizeti na ekari 6 za mtama. Kulima kwa trekta ekari 26 kwa Sh. 60,000 kulichukua Sh. 1,560,000. Palizi mbili za ekari hizo, Sh. 40,000 kwa ekari kila mkono, zilichukua Sh. 2,080,000. Mbegu chotara ya alizeti, kilo 40 kwa Sh. 35,000, Sh. 1,400,000, mbegu ya mtama Sh. 72,000, kukodi ekari 10, Sh. 500,000, dawa za wadudu Sh. 240,000, magunia na kamba Sh. 148,000. Stakabadhi zimeambatishwa, isipokuwa za vibarua wa palizi, ambao walisaini daftari.

KILICHOTOKEA SHAMBANI

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na kwa alizeti jumla ya milimita siyo inayoamua. Kinachoamua ni mvua imekatika mmea ukiwa na umri gani. Alizeti ilipandwa tarehe 28 Desemba ikaota vizuri. Mvua ikakatika kuanzia tarehe 18 Januari hadi 12 Februari, siku 26 mfululizo, yaani hadi mmea ulipofikia siku 46 ukiwa unafunga kitumba. Hapo vichwa vilidumaa. Nilipopima vichwa 30 katika mistari mitatu tofauti, vingi vilikuwa na upana wa sentimeta 9 hadi 11. Mvua zilizorudi ziliokoa mashina, lakini zikakatika tena tarehe 9 hadi 27 Machi, wakati wa kujaza mbegu. Ukikata kichwa katikati unaona mbegu za ukingoni zimejaa na za ndani zote ni mapepe. Ndiyo maana gunia ambalo kwa kawaida lina kilo 65 safari hii lilikuwa na kilo 52 kwenye mizani.

Kwenye ekari 20 nilipata magunia 31. Ekari 10 za kwangu zilitoa 20, na ekari 10 za kukodi, ambazo ni kichanga kitupu kisichotunza maji, zilitoa 11. Kukodi ardhi ile lilikuwa kosa langu la upangaji na sitalirudia. Mtama ulivumilia ukame, ila kwelea kwelea waliuingilia ukiwa kwenye maziwa. Badala ya magunia 42 nilivuna 19.

Mkopo huu una bima ya maisha ya mkopaji tu. Hakuna bima ya mazao ninayoweza kuidai.

HESABU YA MAPATO

Matarajio yaliyo kwenye fomu ya maombi yalikuwa magunia 120 ya alizeti. Uhalisia ni huu:

Alizeti, magunia 31 × kilo 52 = kilo 1,612 × Sh. 1,000 (bei ya Kibaigwa niliyouzia): Sh. 1,612,000
Mtama, magunia 5 × Sh. 65,000 (magunia 14 ni chakula cha kaya ya watu 8): Sh. 325,000
Jumla: Sh. 1,937,000
Toa kuvuna na kupura, magunia 50 × Sh. 5,000: Sh. 250,000
Toa usafiri hadi sokoni, magunia 36 × Sh. 3,000: Sh. 108,000
Kilichobaki: Sh. 1,579,000

Ili rejesho la Julai lisiwe la jina tu, ninauza madume mawili ya ng'ombe yasiyolima. La kwanza limeshauzwa mnadani kwa Sh. 660,000, na la pili nina mnunuzi wa Sh. 640,000. Nimeamua kuuza sasa na siyo Oktoba, kwa kuwa malisho yakishakauka ng'ombe hukonda na bei hushuka. Jumla ya fedha mkononi itakuwa Sh. 2,879,000.

MPANGO WA MAREJESHO NINAOUOMBA

31 Julai 2025: riba yote ya siku 255, Sh. 377,260, pamoja na deni la msingi Sh. 1,000,000. Salio Sh. 5,000,000.
Agosti hadi Desemba 2025: riba kila mwisho wa mwezi, Sh. 37,500.
31 Desemba 2025: deni la msingi Sh. 500,000. Salio Sh. 4,500,000.
Januari hadi Julai 2026: riba ya mwezi Sh. 33,750.
31 Julai 2026: deni la msingi Sh. 1,500,000. Salio Sh. 3,000,000.
Agosti hadi Desemba 2026: riba ya mwezi Sh. 22,500.
31 Desemba 2026: deni la msingi Sh. 500,000. Salio Sh. 2,500,000.
Januari hadi Julai 2027: riba ya mwezi Sh. 18,750.
31 Julai 2027: deni la msingi Sh. 2,500,000. Mkopo umekwisha.

Kwa mpango huu jumla ya riba itakuwa Sh. 1,044,760, badala ya takriban Sh. 422,000 za ratiba ya awali. Gharama hiyo naielewa na naikubali. Kuongezewa miezi mitatu au sita kungekuwa nafuu kwenye karatasi, lakini kabla ya Mei 2026 hakuna mavuno mengine Kongwa, hivyo tungekutana tena mezani Desemba nikiwa sina jipya la kuuza.

FEDHA ZITATOKA WAPI

Riba ya kila mwezi itatoka kwenye biashara ya mke wangu, mama lishe hapa Pandambili kando ya barabara kuu. Daftari lake la miezi sita iliyopita linaonyesha faida ya wastani wa Sh. 120,000 kwa mwezi baada ya kutoa unga, mchele, mafuta na kuni. Tumekubaliana kuigawa mara tatu: Sh. 40,000 ziingizwe kwa wakala wa benki kila tarehe 28 kwa ajili ya riba, Sh. 40,000 zibaki kwenye akaunti kama akiba ya rejesho la Julai, na Sh. 40,000 za nyumbani. Akiba hiyo kwa mwaka ni Sh. 480,000.

Marejesho ya Desemba yatatoka kwa mbuzi. Ninao 22, nitauza 8 mwaka huu na 7 mwaka ujao, katika wiki mbili kabla ya Krismasi, bei inapopanda. Nimewahesabia Sh. 75,000 kila mmoja.

Marejesho ya Julai yatatoka shambani. Msimu ujao nitalima ekari 16 za kwangu tu, 10 za alizeti na 6 za mtama, kwa maksai wangu wanne badala ya trekta. Pembejeo zitagharimu Sh. 1,292,000 (mbegu ya alizeti 700,000, ya mtama 72,000, palizi ya kwanza ya alizeti 400,000, dawa 120,000). Palizi ya pili na ile ya mtama tutafanya wenyewe. Fedha hizo zimo ndani ya Sh. 1,501,740 zitakazobaki baada ya malipo ya Julai mwaka huu. Nakuomba usinishauri nizilipe benki zote, maana bila mbegu Desemba hakuna rejesho la 2026.

Mavuno nimeyakadiria kwa chini: alizeti magunia 4 kwa ekari, ya kilo 60, kwa Sh. 900 kwa kilo, na mtama magunia 5 kwa ekari, 16 ya kuuza kwa Sh. 55,000. Jumla ni Sh. 3,040,000. Ukitoa kuvuna na usafiri Sh. 518,000, na pembejeo za msimu unaofuata Sh. 1,292,000, inabaki Sh. 1,230,000, pamoja na akiba ni Sh. 1,710,000. Rejesho la 2026 ni Sh. 1,500,000. Mwaka 2027 hesabu ni hiyohiyo, ikiongezwa na ndama madume wawili nilio nao sasa, ambao watakuwa wamekomaa, kwa Sh. 550,000 kila mmoja. Jumla Sh. 2,810,000 dhidi ya rejesho la Sh. 2,500,000.

Alizeti nitaipanda kwa awamu mbili zinazopishana siku 12, ili mvua ikikatika isikute shamba lote katika hatua moja, na nitafunga matuta kila baada ya mita mbili maji yasitiririke. Mtama utakuwa Macia, unaokomaa mapema.

Msimu ukiharibika tena, nitakuarifu kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Aprili, kwa kuwa wakati huo vichwa vinaonekana na makadirio yanawezekana. Alizeti ikiwa chini ya magunia mawili na nusu kwa ekari, nitauza jozi moja ya maksai kufidia. Ikizidi magunia 5 kwa ekari, nusu ya ziada italipwa kupunguza deni la msingi kabla ya wakati.

NINACHOOMBA KWA BENKI

Naomba mkataba wa nyongeza wenye ratiba hii usainiwe kabla ya tarehe 31 Julai, ili mkopo usihesabiwe kuwa chechefu wala kutozwa riba ya adhabu kwa ratiba ya zamani. Pia naomba niruhusiwe kulipa kabla ya muda bila makato. Dhamana inabaki ileile, hatimiliki ya kimila ya ekari 16, na mke wangu amesaini ridhaa mpya. Afisa Mikopo anakaribishwa kukagua shamba na mifugo siku yoyote; mabua ya alizeti bado yamesimama na vichwa 30 nilivyopima nimevihifadhi. Napatikana kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti yangu.

Naomba kuwasilisha.

(Sahihi)
Yohana Amosi Chidumizi
Mkopaji

Viambatisho:
Nakala ya mkataba wa mkopo
Stakabadhi za pembejeo na daftari la vibarua
Barua ya Afisa Ugani wa Kata kuhusu mavuno na siku za ukame
Karatasi za mizani na mauzo, Kibaigwa
Stakabadhi ya mnada ya dume la kwanza
Nakala ya daftari la mama lishe, Desemba 2024 hadi Mei 2025
Ridhaa ya mwenza

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kijiji, Pandambili