Ombi la Nafasi ya Mafunzo ya Uzoefu wa Kazi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa

                                                  Rehema Salum Kapela,
                                                  Kata ya Cheyo,
                                                  S.L.P. 1482,
                                                  TABORA.

                                                  18 Mei, 2026

Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais,
Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali, Mtumba,
S.L.P. 670,
DODOMA.

Ndugu Katibu Mkuu,

YAH: OMBI LA NAFASI YA MAFUNZO YA UZOEFU WA KAZI KWA MHITIMU WA STASHAHADA YA UTUNZAJI WA KUMBUKUMBU

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

2. Mimi ni Mtanzania, mwanamke mwenye umri wa miaka 24. Nimehitimu Stashahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu mwaka 2025 katika Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, Kampasi ya Tabora. Ninaomba nafasi ya mafunzo ya uzoefu wa kazi katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi yako, kwa muda wa miezi 12 kuanzia Jumatatu, tarehe 6 Julai, 2026. Iwapo nafasi itapatikana, ningependa nipangiwe Kituo cha Kumbukumbu kilichopo Dodoma.

3. Naomba nieleze kwa nini ninaomba kituo hicho. Julai na Agosti 2024 nilifanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane katika masijala ya wazi ya halmashauri moja ya wilaya. Wiki ya pili alifika mwalimu mstaafu, ajira yake ikiwa ya mwaka 1985. Alihitaji nakala ya barua ya ajira ya kwanza ili akamilishe madai ya mafao yake, na ile aliyokuwa nayo nyumbani ilikwisha kuharibika. Jalada lake binafsi la juzuu ya pili lilikuwepo kabatini. Juzuu ya kwanza, ambamo barua hiyo ilipaswa kuwemo miongoni mwa folio za mwanzo, haikuonekana. Rejesta ya mienendo ya majalada haikuonyesha limetoka lini wala limekwenda kwa nani. Mzee huyo alituambia kuwa hiyo ilikuwa safari yake ya nne.

4. Msimamizi wangu aliniruhusu kutafuta katika chumba cha nyuma, ambako majalada yaliyofungwa yalikuwa yamerundikwa sakafuni yakiwa yamefungwa kwa kamba za katani. Mimi na msaidizi wa kumbukumbu tulitumia siku tatu. Jalada tulilikuta katika furushi la majalada ya ujenzi wa shule za msingi, kwa sababu jina la ukoo la mwalimu huyo linafanana na jina la shule mojawapo, na aliyelirudisha alisoma jina bila kusoma namba. Mchwa walikuwa wamekula pembe ya chini ya karatasi. Hata hivyo barua ilikuwepo, folio namba 3, imepigwa kwa taipureta, na tarehe, saini na mhuri vilisomeka vyote. Mwalimu aliipokea nakala kwa mikono miwili, akakaa nayo kwenye benchi la nje kwa muda mrefu kabla ya kuondoka. Sitaji jina lake wala namba ya jalada, kwa kuwa ni kumbukumbu binafsi ya mtumishi.

5. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria zaidi habari za kumbukumbu tuli kuliko za majalada yaliyo mezani. Jalada linalotumika kila siku lina watu wengi wa kulikumbuka. Lililofungwa halina mtu, isipokuwa mtunza kumbukumbu. Kwa idhini ya msimamizi, katika wiki nne za mwisho niliyapanga majalada ya chumba kile kwa namba, nikayaorodhesha katika daftari la kaunta: namba ya jalada, kichwa cha habari, juzuu, tarehe ya folio ya kwanza na ya mwisho, na hali ya karatasi. Nilifikisha majalada 612. Mengine yalibaki, na hilo nililiandika wazi katika taarifa yangu ya makabidhiano ili atakayefuata ajue pa kuanzia.

6. Chuoni tumesoma Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, ikiwemo kanuni ya miaka 30 kabla nyaraka hazijafunguliwa kwa wananchi. Nadharia ya tathmini ninaifahamu: kipi kihifadhiwe daima, kipi kiteketezwe, na kwa ratiba ipi. Ninachokosa ni kukaa na mtu aliyefanya uamuzi huo mara nyingi, nikamwona anavyopima jalada moja baada ya jingine. Jambo hilo halifundishiki darasani, kwa sababu jalada likishateketezwa halirudi. Ninatamani pia kujifunza namna Idara inavyopokea kumbukumbu tuli kutoka wizara na taasisi, na inavyozikagua kabla ya kuzipangia rafu.

7. Katika kazi za kila siku ninaweza kufungua na kufunga jalada, kuweka folio na marejeo mtambuka, kusajili barua zinazoingia na zinazotoka, na kufuatilia majalada yaliyo kwa maafisa. Ninachapa kwa kasi na ninatumia programu za kuandikia na za majedwali. Mfumo wa e-Office niliuona ukitumika katika mafunzo yangu lakini sikuwahi kupewa akaunti yangu, hivyo nitahitaji kuelekezwa. Nina afya njema na sina tatizo la kufanya kazi katika vumbi au kubeba maboksi.

8. Ninatambua kwamba nafasi hii ni ya mafunzo, na kwamba haitoi ahadi ya ajira. Nitaheshimu Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma, na nipo tayari kula kiapo cha kutunza siri kabla ya kukabidhiwa jalada lolote. Kuhusu malazi, mama yangu mdogo anaishi Ipagala, Dodoma, na amekubali kunipokea kwa kipindi chote cha mafunzo.

9. Nipo tayari kufika kwa usaili siku yoyote nitakayoitwa, nikiwa na vyeti halisi. Kutoka Tabora ninahitaji taarifa ya siku mbili tu. Namba yangu ya simu na anwani ya baruapepe zimo katika wasifu niliouambatisha.

10. Natumaini ombi langu litapokelewa na kufikiriwa. Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Wako mtiifu,

*R. S. Kapela*

Rehema Salum Kapela

Viambatisho:
Wasifu binafsi (kurasa 2)
Nakala ya cheti cha Stashahada na matokeo, zilizothibitishwa
Nakala ya cheti cha Kidato cha Nne
Nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya kitambulisho cha Taifa
Barua ya msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, pamoja na taarifa ya makabidhiano
Barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kata ya Cheyo
Picha ndogo 2

Nakala:
Mkurugenzi,
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa,
DODOMA. – Kwa taarifa.