Fundi, huu hapa ukuta mrefu wa skuli, nataka leso tano na mikono

Asalam aleikum fundi, habari za tangu juzi. Ulisema nikuandikie vizuri vile twataka ndo ukae na karatasi uchore, basi leo nimetulia nimekuandikia yote, soma pole pole usiruke, manake huu ukuta una mambo yake.

Ni ule ukuta wa ngazi hapa skuli kwetu Likoni, uliouona ukiingia geti, ule mwembamba uliosimama kama mnara. Nimeupima mwenyewe na mzee wa stoo kwa futi kamba, urefu kwenda juu ni mita 7.2 na upana mita 1.8, kutoka pembe hadi bomba la mvua. Yani urefu ni mara nne ya upana. Hiyo moja kwa nne ndo kitu cha kwanza uweke kichwani kabla hujashika penseli. Mwaka juzi tulichorewa ukuta mwengine, mchoro ulikua wa kulala, mzuri kabisa kwenye simu, ulipofika ukutani ukavutwa juu ili utoshe, watu wakawa warefu kama minazi na dau likasimama kwa mkia. Watoto wanapita hapo kila siku na mimi roho yaniuma kila nikiangalia. Kwa hivyo tafadhali usichukue picha pana ukaikata ama ukaivuta, huu mchoro uzaliwe mrefu mwembamba toka mwanzo.

Sasa fikra yenyewe. Nilifikiria mti, nikafikiria mnara wa taa, lakini kila kitu kimoja kirefu ukikiweka pale kile cha maana kinakwenda juu kabisa na mtoto wa gredi ya kwanza anabaki kuangalia shina. Halafu siku moja naanika nguo, leso zimepangana kwenye kamba za nyumbani moja chini ya nyengine, nikaona jibu ndo hili. Leso ni kitu cha kulala, upana kama sentimita 150 na urefu 110 hivi, lakini ukizipanga moja juu ya nyengine zinakua ukuta mrefu bila kuvuta chochote. Basi twataka leso tano, kila moja mita 1.8 kwa mita 1.2. Tano mara 1.2 ni mita 6. Chini acha sentimita 90 rangi moja nyeusi ya kuzuia, pale watoto huegemeza miguu na chumvi hupanda na unyevu, usichore kitu. Juu acha sentimita 30 nyeupe tupu chini ya paa ili leso ya mwisho ipumue. 90 na 600 na 30 ni 720, nimehesabu mara mbili.

Kila leso ina pindo na mji kama leso ya kweli. Pindo sentimita 15 kuzunguka pande zote, mji unabaki mita 1.5 kwa sentimita 90. Kwenye pindo weka korosho kwa rangi za kisutu, nyeupe na nyeusi juu ya nyekundu. Korosho moja kwenye kila mraba wa sentimita 15, yani 12 juu, 12 chini na 6 kila upande, jumla 36 kwa leso moja na zinaingia sawasawa bila kubakisha nusu. Pindo lisibadilike hata leso moja, hilo ndo linalofunga ukuta mzima uonekane kitu kimoja.

Ndani ya mji ni mikono tu. Mikono miwili inatoka kushoto, miwili kulia, inakutana katikati na kitu kinapokezwa. Sitaki sura za watu, kwanza kwa sababu jioni hayo madarasa ya chini huwa madrasa na wazee wengine hawapendi sura ukutani, nami naona wana haki yao na hii skuli ni yao pia, pili kwa sababu mkono kutoka kwenye kiwiko ni umbo la kulala lenyewe, unatosha kwenye ule mji bila kubanwa. Na jirani yangu akiniletea sahani ya futari huwa namuona mikono kabla ya uso, mlango ukiwa nusu wazi.

Hapa sikiliza vizuri. Leso zipishane, ya kwanza mtoaji yuko kushoto, ya pili yuko kulia, ya tatu kushoto tena, hivyo hadi juu, ili jicho lipande likienda huku na huku kama ukili unavyosukwa. Na najua utakata stensili moja na kuigeuza upande wa pili kuokoa kazi, fanya hivyo, ndo maana nimetaka kitu cha kujirudia. Lakini ukigeuza stensili mkono wa kulia unakua wa kushoto, na hatuwezi kuchora mtu anampa mwenzake chakula kwa mkono wa kushoto kwenye ukuta wa skuli, kesho bibi za hawa watoto watakuja na bakora. Ndo nikasema mikono miwili miwili, anayetoa atoe kwa mikono miwili na anayepokea apokee kwa miwili. Ni adabu zaidi na ukigeuza hakuna kinachoharibika.

Vitu vinavyopokezwa, kutoka chini kwenda juu: mtungi wa maji, mkeka uliokunjwa, sinia ya mahamri, kapu la samaki, na juu kabisa kitabu. Kimoja kwa leso moja, usiongeze feri wala mnazi wala pembe za Moi Avenue, najua mkono utakuwasha lakini kila ukuta wa mji huu una hizo pembe tayari. Mikono ndo itofautiane kidogo, mmoja una piko vidoleni, mmoja wa mzee wenye mishipa, mmoja wa mvuvi wenye kamba imezungushwa, mmoja mdogo wa mtoto. Kwenye kitabu mtoto ndo awe anayetoa. Hiyo nimeifikiria sana. Wengi hapa mtoto ndo anamsomea nyanya yake barua ya hospitali, kwa hivyo yeye ndo ana cha kumpa mkubwa.

Leso ya nne ina shida moja na ina bahati moja. Katikati yake kabisa kuna yale matundu ya hewa ya ngazi, mraba wa sentimita 30, kutoka chini mpaka katikati yake ni mita 5.1. Yasizibwe, ngazi ni giza na joto. Ndo nikaweka kapu la samaki pale, yale matundu yawe ndo msuko wa kapu, wewe zungusha umbo la kapu nje yake na mikia ya samaki itokee juu.

Rangi usizidishe. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, manjano na bluu, basi. Mji wa leso ya kwanza, ya tatu na ya tano ni manjano, ya pili na ya nne bluu. Kahawia ya mikono changanya mwenyewe kutoka nyekundu, manjano na nyeusi, na usitumie moja, watu wa hapa si rangi moja. Sinia iwe nyeupe manake mahamri juu ya manjano yatapotea. Kila umbo lizungushwe mstari mweusi, leso tatu za chini unene wa sentimita 3, mbili za juu sentimita 5, kwa sababu watoto wakiwa paredi wako mita 12 kutoka ukutani na mstari mwembamba kule juu hauonekani kitu. Ukuta unaangalia mashariki, jua la asubuhi lote ni lake, kwa hivyo twatumia rangi ya nje na si ile ya ndani iliyobaki stoo, mwalimu mkuu ashakubali.

Jina la leso ni moja tu kwa ukuta mzima, kwenye leso ya chini, ndani ya mji chini ya mikono, mstari mmoja, herufi kubwa za sentimita 8: KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA. Kwenye kikao cha wazazi wengine walitaka Umoja ni nguvu na wengine wakasema chawa ni aibu kwa skuli. Mie nilisimama nikasema hilo jina watoto watacheka, wakicheka watalisoma, na mikono iko pale pale juu yake yaonyesha maana, wakakubali. Nimeliweka chini manake hapo ndo macho ya mtoto yanafika, kule juu halina msomaji.

Sasa unachoniletea. Karatasi A3 moja, skeli moja kwa ishirini, ukuta unakua sentimita 36 kwa 9, A4 haitoshi usijaribu. Upana wa A3 unatosha kuweka tatu ubavu kwa ubavu, kwa hivyo nichoree mchoro mmoja wa penseli peke yake, wa pili wa rangi, na wa tatu ni huo wa penseli lakini na gridi juu yake, viboksi vya sentimita moja na nusu ambavyo ukutani ni sentimita 30. Vitakua 6 kwa upana na 24 kwa urefu, mistari mitatu ya chini ni ile nyeusi, mmoja wa juu ni ule mweupe, na kila leso ina minne. Ukichora kwa kompyuta, fungua faili ya pikseli 1800 kwa 7200, pikseli moja ni milimita moja ya ukuta, hata mimi nitaweza kukagua.

Ukimaliza fanya jambo moja kabla hujaja, bandika karatasi ukutani kwako, rudi nyuma hatua kumi, funga jicho moja. Kama huwezi kusema kila mkono unabeba nini, punguza mistari.

Kazi ya ukuta ni likizo ya Agosti, masika yatakua yamekwisha. Leso ya chini twaiachia watoto wa gredi ya tano wapake korosho zile wanazofikia wakisimama chini, kazi nyengine yote ni yako na kijana wako, hakuna mtoto anapanda jukwaa hata akilia. Mchoro nauhitaji Ijumaa ijayo kabla ya swala manake kamati yakaa Jumamosi asubuhi. Hela ya mchoro ni ile elfu nne tuliyoongea, nusu nakutumia leo jioni, na ukitaka kuja kuona matundu ya hewa kwa karibu njoo baada ya saa kumi, mlinzi nishamwambia atakufungulia ngazi.