Mwalimu, H6213 imeisha – chagua tubadilishe, ungoje ama nikurudishie pesa

Mwalimu hujambo, ni Rose wa agroveti hapa Kimilili. Nilikupigia saa tatu simu ikawa imezimwa, nikajua uko darasani, kwa hivyo wacha nikuandikie yote hapa usome ukipata nafasi.

Ni kuhusu ile oda yako ya mbegu ya mahindi, paketi 20 za H6213 za kilo mbili mbili. Imeisha. Mzigo wa Ijumaa ulikuja lakini depo ilitugawia katoni chache kuliko zile tuliagiza, halafu ile mvua ya Ijumaa usiku ikafanya kila mtu aamke Jumamosi akitaka mbegu, kufika saa sita shelfu ilikuwa tupu. Zako nilikuwa nimeweka kando paketi 6 na hizo ziko, zimeandikwa jina lako, hakuna mtu atazigusa. Zenye zimepungua ni 14. Pole sana kwa hilo, najua shamba lako limeshalimwa na wafanyakazi wa kupanda umeshawaambia wiki hii.

Pesa yako yote ya 10,800 niliipata na risiti iko. Hizo paketi 14 kwa 540 ni 7,560, hiyo ndiyo tunaongelea hapa, hizo zingine 6 zimeshakuwa zako.

Sasa naona kuna njia tatu.

Ya kwanza nikubadilishie hizo 14 na H614. Ninayo ya kutosha, ililetwa Ijumaa hiyo hiyo. Hiyo mbegu unaijua, wazee wa huko Kapsokwony wameipanda tangu zamani na inapenda mahali pa juu na baridi kama kwako, inakaa shambani karibu miezi sita sawa tu na H6213 kwa hivyo hautavuna mara mbili. Unga wake hauna maneno. Shida yake moja nikuambie ukweli, inarefuka sana, na upepo ukija na mvua ya mwezi wa saba inaweza kulala, hapo H6213 ndiyo inasimama vizuri. Kwa hivyo ukichukua hii, zile paketi 6 za H6213 zipande ule upande uko wazi wenye upepo unapiga, hiyo H614 uiweke huku chini karibu na miti. Usizichanganye kwa laini moja, kila moja ikae kipande chake ndio hata mwaka ujao ujue gani ilikufanyia vizuri. Bei ni 520 kwa paketi, kwa hivyo 14 ni 7,280, nitakurudishia 280 yako leo leo. Ukinijibu kabla ya saa nane naziweka kwa matatu ya jioni na zile 6, nauli ni juu yangu kwa sababu ni sisi tumepungukiwa, kesho asubuhi unapanda.

Ya pili ni ungoje. Mzigo mwingine tumeambiwa ni Alhamisi tarehe 26 mwezi huu wa tatu. Nimeongea na depo leo asubuhi wakasema zetu zimeandikwa, na wewe nimekuweka wa kwanza kwa daftari, lakini Mwalimu siwezi kukuapia kwa lori yenye sijaiona. Chenye naweza kukuahidi ni hiki: ikifika Alhamisi saa kumi na moja jioni na haijaingia dukani, 7,560 yako narudisha saa hiyo hiyo bila wewe kuniuliza. Kungoja mpaka tarehe hiyo bado hujachelewa kwa huko juu, watu wengi wanapanda mpaka mwezi wa nne umeingia, lakini udongo ukishalowa sana kulima laini inakuwa kazi na mbolea inabebwa na maji kwa hiyo miteremko. Hiyo unaijua kunishinda. Na kama utangoja, chukua zile 6 sahii uanze nazo, ni kilo 12, hiyo ni eka moja na kidogo, wafanyakazi wasikae bure.

Ya tatu ni nikurudishie pesa. Hakuna kuulizana maswali. 7,560 inaenda kwa ile namba ulitumia kulipa na itaingia leo kabla ya saa kumi na mbili, gharama ya kutuma ni yangu. Hata zile 6 kama hutaki tena sema, narudisha zote 10,800, kuna watu hapa wanazililia.

Kuna moja sitakuuzia hata ukiniomba. Jana mtu wa pande zenu alikuja akachukua H513 kwa sababu ndiyo iko na inaiva haraka, nikamwambia hiyo ni ya huku chini, ukiipanda huko juu itaiva wakati bado mvua inanyesha na mahindi yaozee kwa mti, hakusikia. Nina nyingi lakini kwako hapana.

Na tafadhali usiende kutafuta H6213 kwa soko ukiona nimekosa. Wiki kama hizi ndio wale wa kuuza mbegu ya kupaka rangi wanatoka, wanachukua mahindi ya kawaida ya gorogoro wanatia rangi wanafunga kwa paketi inafanana kabisa. Ukipata kwa duka lingine la kuaminika sawa, nunua, mimi sitakasirika na pesa yako nitarudisha, lakini kwanza angalia ile stika ya KEPHIS kwa paketi, ikwangue, utume hiyo namba kwa 1393, unajibiwa aina ya mbegu na namba ya loti. Kama haina stika ama imeshakwanguliwa, iache hapo hapo. Hata zangu zikifika fanya hivyo hivyo, mimi napenda mteja wa kukagua.

Ukiniuliza ningekuwa mimi ningefanya nini, ningechukua H614 nipande wiki hii. Mvua imeanza na shamba liko tayari, siku kumi za kungoja kwa sababu ya jina la mbegu mimi sizioni zikilipa. Lakini kama mwaka jana yako ililala ukahesabu hasara, basi ngoja, nitakuelewa, na hutakuwa peke yako kwa hilo daftari.

Ile mbolea yako ya DAP mifuko 4 haijaguswa na haina shida, inaweza kuja pamoja na mbegu ama ikae hapa mpaka uniambie, stoo haivuji.

Nijibu tu neno moja: BADILI, NGOJA ama RUDISHA. Ukitaka kugawa pia sawa, mfano 7 za H614 na 7 ungoje, niandikie hivyo. Naomba nijue kabla ya kesho Jumanne saa kumi jioni kwa sababu H614 nayo imeanza kuisha na siwezi kuiweka kando zaidi ya hapo watu wakiwa wamepanga laini. Ukinyamaza mpaka hiyo saa sitakubadilishia kitu bila ruhusa yako, nitahesabu kwamba unangoja ya tarehe 26, na pesa bado unaweza kuiomba siku yoyote kabla mzigo utoke hapa.

Kama kuandika ni shida piga tu, niko dukani mpaka saa moja usiku. Na uniambie matatu ya nani inakufaa, yule dereva wa kofia nyekundu mara ya mwisho aliacha mzigo wa mtu kwa stegi kwenye mvua, sitaki yako akae nayo.